Kusoma Taarifa ya Pesa za Simu Pamoja na Bibi: Mwongozo Kamili Kutoka Meza ya Dagaa, Buguruni

Kwa miezi kadhaa sasa, wafanyabiashara wa soko la Buguruni wamekuwa wakinifuata kwenye meza ya dagaa ya bibi yangu wakiwa na karatasi ya taarifa ya miamala iliyokunjwa mara nne, na karibu wote wamekwama mahali pamoja. Wanaisoma karatasi kuanzia juu kwenda chini, wanatafuta salio ambalo daftari lao linasema lilipaswa kuwepo, hawalioni, kisha wanaamini kwamba kuna mtu amekula pesa yao.

Bibi naye alianzia hapo. Jumatatu moja jioni daftari lake lilimwambia kwamba kwenye simu anatakiwa awe na shilingi 21,400, lakini simu ilionyesha shilingi 4,300. Usiku ule alinipigia akasema, «Mjukuu wangu, kijana wa wakala ameniibia.» Nilimwomba asimtamkie mtu neno hilo kabla hatujaketi na karatasi, na Jumamosi iliyofuata tukaketi. Hatua nilizoandika hapa ndizo tulizozifuata, kwa hesabu yenyewe ya Jumatatu ile.

## Vitu vinavyohitajika kabla ya kuanza

Andaa simu yenye laini inayohusika, kitambulisho cha taifa cha mwenye laini, daftari la biashara la siku hizohizo, miwani ya kusomea kama anaitumia, rula, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu.

Rula si ya kupiga mistari. Mistari ya taarifa hubanana na tarakimu ni ndogo, kwa hiyo jicho la mtu mzima huanza na tarehe ya mstari mmoja na kumalizia na salio la mstari mwingine. Rula ikiwekwa chini ya mstari unaosomwa, kosa hilo linaisha.

Chagueni pia muda mzuri. Tulijaribu kwanza sokoni saa tatu asubuhi, wateja wakiulizia bei kila dakika, tukashindwa. Tulifanikiwa nyumbani, baada ya swala ya alasiri, mezani, penye mwanga wa dirisha.

## Hatua ya 1: Pata taarifa kamili, usitegemee taarifa fupi

Menyu ya simu hutoa taarifa fupi, ambayo huonyesha miamala michache ya mwisho tu. Kwa mfanyabiashara anayepokea malipo mara nyingi kwa siku, taarifa hiyo haifiki hata mchana wa siku iliyotangulia, na ndiyo sababu wengi huishia kulinganisha daftari la wiki nzima na miamala ya saa mbili.

Mwenye simu janja anaweza kuomba taarifa kamili kupitia programu ya mtandao wake. Bibi anatumia kiswaswadu, kwa hiyo tulikwenda kwenye duka la huduma kwa wateja la mtandao wake, yeye mwenyewe akiwa na kitambulisho na simu mkononi, tukaomba taarifa ya siku saba. Taja tarehe ya kuanzia na ya kuishia. Ukisema «naomba taarifa yangu» bila tarehe, unaweza kupewa miezi kadhaa, na karatasi ishirini zitamkatisha tamaa mzee kabla hajasoma mstari wa kwanza.

Angalizo la kwanza. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, tuseme mtoto aliyehamia mkoa mwingine, mwenye jina ndiye atakayepewa taarifa. Piga *106# kwenye simu hiyo kabla ya kupanda daladala, uhakiki usajili wake.

Angalizo la pili. Mjukuu hahitaji kuijua namba ya siri ili kumsaidia bibi kusoma taarifa. Hapo nilikuwa mkali hata kwa bibi mwenyewe, ambaye alitaka kuninong'oneza namba hiyo ili «tusipoteze muda». Pale ambapo simu inaidai, mwenye simu aiingize mwenyewe na msaidizi ageuke pembeni. Siku pesa itakapopungua, kila aliyeijua namba hiyo atakuwa mshukiwa, na mjukuu atakuwa wa kwanza.

Ukiletewa faili la taarifa na ukalichapa steshenari, hakikisha limefutwa kwenye kompyuta na kwenye simu ya mwenye steshenari kabla hujaondoka. Karatasi hiyo ina majina na namba za wateja wako wote.

*Utajua umefanikiwa* ukiwa na karatasi yenye jina la mwenye laini, namba yake ya simu, na kipindi kinachoanza angalau siku moja kabla ya siku yenye utata. Siku hiyo moja ya ziada itakupa salio la kuanzia.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali pa kuanzia kusoma

Bibi alijifunza kusoma katika madarasa ya kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, na amezoea kwamba maandishi huanza juu. Taarifa yetu ilikuwa kinyume: muamala wa karibuni ulikuwa juu kabisa, na wa zamani ulikuwa chini. Akisoma kuanzia juu, alikuwa anaona pesa ikitoka kwa wakala kabla haijaingia kutoka kwa mteja, na hesabu haikuwa na maana yoyote kwake.

Tazama tarehe na saa ya mstari wa kwanza na ya mstari wa mwisho. Ikiwa ya juu ndiyo ya karibuni zaidi, msomaji aanzie chini na apande. Tulichora mshale mwekundu ukielekea juu pembeni mwa karatasi, na bibi bado anauchora kila anapopata karatasi mpya.

Hii hapa ni karatasi ya Jumatatu ile, kama ilivyopangwa. Nimeandika maelezo kwa Kiswahili na kuziondoa namba za miamala, lakini vichwa vya safu nimeviacha kama vilivyochapwa.

| Saa | Maelezo | Paid In | Withdrawn | Balance |
|---|---|---|---|---|
| 18:30 | Ada ya kutoa | | 1,800.00 | 4,300.00 |
| 18:30 | Kutoa kwa wakala | | 20,000.00 | 6,100.00 |
| 16:05 | Kupokea | 24,000.00 | | 26,100.00 |
| 11:20 | Kurejesha mkopo na ada yake | | 27,900.00 | 2,100.00 |
| 11:20 | Kupokea | 30,000.00 | | 30,000.00 |
| 10:40 | Ada ya kutuma | | 2,000.00 | 0.00 |
| 10:40 | Kutuma, Mwanza | | 150,000.00 | 2,000.00 |
| 10:40 | Mkopo wa kujazia salio | 26,600.00 | | 152,000.00 |
| 09:15 | Kupokea | 45,000.00 | | 125,400.00 |
| 07:52 | Kupokea | 18,000.00 | | 80,400.00 |

Salio la kufungia Jumapili usiku lilikuwa shilingi 62,400.

*Utajua umefanikiwa* msomaji akiweza kuweka kidole kwenye muamala wa kwanza wa siku bila kuelekezwa.

## Hatua ya 3: Soma saa na tarakimu kwa namna ya nyumbani

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na sijutii, kwa sababu makosa mengi niliyoyaona kwenye meza ile hayakuwa ya kujumlisha wala kutoa bali ya kusoma.

Tuanze na saa. Bibi alikumbuka vizuri kwamba mwenye duka alimlipa saa tatu na robo asubuhi. Kwenye karatasi alitafuta 3, hakuiona, akasema malipo hayo hayapo. Karatasi inaandika 09:15. Saa ya simu huanza kuhesabu usiku wa manane, ilhali sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na linapozama, kwa hiyo kati yake kuna tofauti ya saa sita.

Kwa saa za soko, yaani kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa sita: 07:52 ni saa moja na dakika hamsini na mbili asubuhi, 11:20 ni saa tano na dakika ishirini, 16:05 ni saa kumi na dakika tano alasiri, na 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Ikifika 19:00 na kuendelea, toa kumi na nane, ili 20:00 iwe saa mbili usiku.

Bibi hakuipenda hesabu ya kutoa sita. Alichoelewa mara moja ni saa ya ukutani: namba yetu iko upande wa pili wa namba ya simu, tisa ikitazamana na tatu, kumi ikitazamana na nne. Nikamchorea duara la saa nyuma ya daftari, na tangu hapo hakuniuliza tena. Kwa 16:05 na 18:30, ambazo hazipo kwenye duara, kwanza anatoa kumi na mbili, kisha anatazama upande wa pili.

Tarakimu zina mtego wake. Alipoona 45,000.00 bibi alisoma «milioni nne na nusu», akashtuka, akadhani mtandao umekosea. Ile nukta na sifuri mbili za mwisho ni senti, ambazo hatuzitumii sokoni. Mwambie azifunike kwa kidole gumba kabla ya kusoma. Kinachobaki, 45,000, anakifahamu, na ule mkato hutenganisha elfu na mia kama alivyozoea kwenye risiti.

*Utajua umefanikiwa* msomaji akisoma mstari mzima kwa sauti, kwa mfano: «Saa tatu na robo asubuhi, nimepokea elfu arobaini na tano, nikabaki na laki moja na elfu ishirini na tano na mia nne.» Usihamie hatua inayofuata kabla hajasoma mistari mitatu namna hiyo bila kusaidiwa.

## Hatua ya 4: Tofautisha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki

Safu tatu za mwisho ndizo moyo wa karatasi. Paid In ni pesa iliyoingia, Withdrawn ni iliyotoka, Balance ni iliyobaki baada ya muamala huo.

Neno Withdrawn liliwapotosha hata vijana waliowahi kusoma Kiingereza, kwa sababu walidhani linahusu pesa iliyotolewa kwa wakala peke yake. Safu hiyo hubeba kila kinachoondoka: ulichotuma, ulichotoa, ulichonunua, ada uliyokatwa, na mkopo uliorejesha. Kwenye baadhi ya karatasi kiasi kilichotoka hutanguliwa na alama ya kutoa, na maana yake ni ileile.

Tuliandika juu ya kila safu kwa kalamu nyekundu maneno ya bibi mwenyewe: «imeingia», «imetoka», «imebaki». Tumia maneno ya msomaji, hata kama wewe unaona kuna neno rasmi zaidi.

Kisha mfanyishe jaribio hili. Chukua salio la mstari wa chini, ongeza kilichoingia au toa kilichotoka kwenye mstari unaoufuata kwa juu, na jibu liwe salio la mstari huo. Salio la Jumapili ni 62,400. Ukiongeza 18,000 unapata 80,400, na ndivyo karatasi inavyosema. Ukiongeza 45,000 unapata 125,400. Mistari miwili mitatu inatosha kumwonyesha kwamba karatasi inafungana yenyewe kwa yenyewe, na kwamba ikiwa kuna tofauti, itafutwe kati ya karatasi na daftari.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi: muamala mmoja unaweza kuchukua mistari miwili au mitatu yenye saa ileile. Alipotoa 20,000 kwa wakala saa kumi na mbili na nusu jioni, karatasi iliandika mstari wa 20,000 na mstari mwingine wa ada, 1,800. Bibi alidhani wakala amemkata mara mbili. Iunganishe mistari ya namna hiyo kwa mabano ya kalamu, ili ionekane kuwa ni tukio moja. Kwenye baadhi ya taarifa tozo ya serikali nayo hupewa mstari wake, nayo iingie kwenye mabano hayohayo.

Angalizo. Kama karatasi ina safu ya hali ya muamala, soma mstari wenye neno Completed tu. Wenye neno Failed ni muamala ulioshindikana, na salio lake halibadiliki.

*Utajua umefanikiwa* msomaji akiweza kukuambia, bila kutumia kalamu, kama mstari fulani ulimwongezea au ulimpunguzia.

## Hatua ya 5: Linganisha karatasi na daftari, mstari kwa mstari

Sasa fungua daftari. La bibi lilikuwa hivi kwa siku ile: alianza na 62,400, akaingiziwa 18,000 na mama ntilie, 45,000 na mwenye duka, 12,000 na fundi ujenzi, 30,000 na 24,000 na wateja wawili wa jumla. Alituma 150,000 Mwanza kwa mzee anayemletea dagaa, na jioni akatoa 20,000. Jumla yake ilikuwa sahihi kabisa: 21,400. Nilimwambia hivyo kwanza, kwa sababu alikuwa ameanza kuidharau hesabu yake.

Kila kilichopo pande zote mbili kitiwe alama ya vema kwa bluu, kwenye karatasi na kwenye daftari. Kilichopo upande mmoja tu kizungushiwe kwa nyekundu. Usijaribu kueleza chochote wakati wa kutia alama, kwani mkianza kubishana juu ya mstari wa tatu hamtafika wa kumi.

Tulipomaliza, daftarini kulikuwa na duara moja jekundu: 12,000 za fundi. Kwenye karatasi kulikuwa na maduara manne: mkopo wa 26,600, ada ya kutuma 2,000, marejesho ya 27,900, na ada ya kutoa 1,800.

*Utajua umefanikiwa* kila mstari ukiwa na vema au duara, pasibaki mstari mtupu.

## Hatua ya 6: Eleza kila duara jekundu

Pesa iliyo daftarini lakini haipo kwenye karatasi. Bibi aliziandika zile 12,000 baada ya fundi kumwonyesha ujumbe kwenye simu yake. Ujumbe ulikuwa wa kweli na fundi alikuwa mkweli, ila alikosea tarakimu moja ya namba, pesa ikaenda kwa mtu mwingine. Jina la mpokeaji lililoandikwa kwenye ujumbe halikuwa la bibi, na hakuna aliyelisoma. Tulipompigia, fundi alitazama ujumbe wake, akaona, akaja kulipa taslimu, naye akapiga 100 kufuatilia pesa yake akiwa na namba ya muamala.

Tangu siku hiyo bibi haandiki malipo yoyote kwa kuonyeshwa simu ya mteja. Anasubiri simu yake iite, anasoma kiasi kilichoingia na salio jipya, ndipo anafunga dagaa. Ujumbe wa kughushi huonekana kama wa kweli, lakini haubadilishi salio. Ukiwa na shaka, angalia salio kwenye menyu, usiangalie ujumbe.

Makato. Ada ya kutuma 2,000 na ya kutoa 1,800 zilikuwa halali. Bibi alijua kwamba «wanakata», ila hakuwa na mahali pa kuandika kilichokatwa, kwa hiyo daftari lake lilimdai pesa hiyo kila siku. Viwango hutofautiana kati ya mtandao na mtandao na hubadilika, kwa hiyo usikariri. Kiasi ulichokatwa huandikwa kwenye ujumbe wa muamala, nacho ndicho cha kuingiza daftarini. Ada ya kutoa hukatwa kwenye simu yako na mfumo wenyewe, hivyo wakala akikudai pesa nyingine mkononi, hiyo si ada. Yule kijana hakuwahi kumdai bibi hata shilingi, na bibi alimwambia hivyo mwenyewe Jumatatu iliyofuata, mbele yangu.

Mkopo usioukumbuka. Hapa ndipo palipotuchukua muda. Bibi alisema, na alikuwa ameudhika, kwamba hajawahi kukopa kwa mtu maishani mwake. Nilimwomba tuangalie salio la saa nne na dakika arobaini, pale alipotuma pesa ya mzigo. Alikuwa na 125,400. Alituma 150,000, na ada ilikuwa 2,000, kwa hiyo alihitaji 152,000. Zilipungua 26,600, kiasi kilekile cha mkopo.

Mitandao ina huduma inayojazia kinachopungua ili muamala ukamilike, na kwa watumiaji wa M-Pesa inaitwa Songesha. Salio lisipotosha, simu huuliza kama unakubali kujaziwa, na mtu aliyezoea kubonyeza 1 ili kuthibitisha kila kitu anabonyeza 1. Bibi alikumbuka kwamba siku ile simu «iliuliza mara mbili».

Deni la namna hiyo halisubiri ulilipe mwenyewe. Pesa inayofuata kuingia ndiyo inayolilipa. Mteja alipomtumia 30,000 saa tano na dakika ishirini, dakika hiyohiyo zilikatwa 27,900, yaani 26,600 za mkopo na 1,300 za ada yake, akabakiwa na 2,100. Kwa macho ya bibi, elfu thelathini ya mteja wake ilikuwa imeyeyuka. Kila mwezi nakutana na mtu anayelalamika kwamba «pesa ikiingia tu inaondoka», na mara nyingi jibu liko kwenye mstari wa saa moja au mbili kabla yake.

Kwenye hesabu, mkopo wenyewe haukumpunguzia kitu, kwa sababu 26,600 ziliingia na 26,600 zikatoka. Kilichompungukia ni ile 1,300. Waeleze wazee jambo hili taratibu, kwa sarafu mezani ikibidi, kwa kuwa wengi hutaka kuitoa 27,900 yote na hesabu haifungani.

Sasa jumlisha: 12,000 ambazo hazikuingia, 2,000 za kutuma, 1,300 za mkopo na 1,800 za kutoa. Jumla ni 17,100. Toa kwenye 21,400 za daftari, zinabaki 4,300, kama simu ilivyosema.

Duara lisiloelezeka. Likibaki moja, andika tarehe, saa, kiasi na namba ya muamala, kisha piga 100 kutoka kwenye laini hiyohiyo au urudi dukani. Usipige namba uliyotumiwa kwa ujumbe na usimtajie yeyote namba ya siri, hata ajitambulishe kuwa ni mtu wa mtandao. Namba ya muamala inamtosha mhudumu halisi kuuona muamala wako.

Kwa wanaopokea kwa Lipa Namba, kumbuka kwamba pesa hiyo hukaa kwenye akaunti yake, na taarifa yake huombwa peke yake. Ukiitafuta kwenye taarifa ya laini binafsi hutaiona.

## Hatua ya 7: Rekebisha daftari ili tofauti isirudi

Tulilipiga daftari mistari upya kwa safu tano: saa, maelezo, imeingia, imetoka, makato. Kila asubuhi kabla ya kutandaza dagaa bibi anaandika salio la simu, na kila jioni anaandika jingine. Akijumlisha kilichoingia, akatoa kilichotoka na makato, anapaswa kufika kwenye salio la jioni. Kwa kuwa analinganisha siku moja tu, ujumbe wa simu unatosha. Karatasi tunaiomba mara moja kwa mwezi.

Kabla ya kutuma pesa ya mzigo, anafanya hesabu mbili: salio lililopo, na kiasi cha kutuma pamoja na ada yake. La kwanza likiwa dogo, anaweka pesa kwa wakala kwanza. Simu ikiuliza mara ya pili, anasimama, anavaa miwani, anasoma.

Jumamosi iliyofuata alifanya peke yake, mimi nikiwa nimekaa pembeni. Zilipungua shilingi 500. Nilimwambia ni ndogo, tufunge. Alikataa, akarudi na rula kuanzia chini, mstari kwa mstari, hadi akafika Alhamisi, 17:10, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, ambapo alikuwa ametoa vocha kwenye salio lake kwa ajili ya muuza ndimu wa meza ya pili. Akachukua kalamu nyekundu akaandika: «Vocha ya jirani, 500, hajanilipa.»